Ukimwita mpenzi wako mwezi, ni mwezi upi huo?

(Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Tanga, ukumbini Ngamiani, kwa watunzi wa mashairi na nyimbo za taarabu. Wengi hawakuweza kufika wakaomba niyaweke yote, basi nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni. Picha za projekta nimeziacha.)

Asalaam aleikum jamani. Wazee wangu shikamooni. Kina mama mliokaa pale mbele na vikuba vyenu, tunawanusa mpaka huku, mashallah. Na nyie vijana mliosimama mlangoni ingieni, viti vipo, mlango hautungi shairi.

Mnanisikia huko nyuma? Haya.

Nimeitwa niongee kuhusu mapenzi, na nikiwa mtu wa Tanga, mji uliotoa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, mji alikozaliwa Shaaban Robert pale Vibambani mwaka 1909, nikajiuliza nitawaambia nini watu hawa kuhusu mapenzi wasichokijua? Sina. Kwa hiyo mapenzi yenyewe nawaachia wenyewe. Mimi nataka tuongee kuhusu vyombo vyake. Mwezi. Waridi. Asali. Vitu tunavyovishika kila tukitaka kumsifu mtu, tunavitia kwenye beti, tunavituma kwa simu na vikatuni vyake, na tunadhani dunia nzima inavielewa kama sisi. Dunia nzima inaviangalia, hilo kweli. Ila kila watu wanachukua upande wao.

Nianze na mwezi, na niseme mapema kwamba nitakaa sana kwenye mwezi, mwenye haraka ya waridi anisubiri.

Kijana mmoja, simtaji na yupo humu ndani, aliniletea wimbo wake niupitie. Mstari wa kwanza unasema hivi:

Mwezi wangu wa angani, hung'ara kila usiku

Mizani imekaa sawa, nane kwa nane. Nikamuuliza, mwanangu, wewe mwezi umewahi kuuangalia? Akacheka. Nikamwambia twende tukamuulize mvuvi wa dagaa kama mwezi unang'ara kila usiku. Maana mvuvi wa dagaa maisha yake yote yamegawanyika mara mbili, giza na mbalamwezi. Giza likiingia ndio kazi, wanatoka na taa, zamani karabai, siku hizi taa za sola na za betri, wanaziwasha juu ya maji, dagaa wanaifuata ile nuru wanakusanyika, wavu unawazunguka. Mwezi ukijaa, taa inakuwa haina nguvu tena, bahari nzima ina mwanga, dagaa wametawanyika, utawavuta na nini? Basi zile siku za mwezi mkubwa vyombo vinapumzika, watu wanashona nyavu, wanalala majumbani kwao.

Sasa nyie kina mama, niambieni. Mke wa mvuvi wa dagaa akiuona mwezi umejaa, anaona nini? (Hapo ukumbi ulicheka, na bibi mmoja akajibu jibu ambalo siliandiki hapa.)

Mnaona? Hatujatoka hata nje ya Tanga, tayari mwezi una maana mbili. Kwa mtunzi aliyekaa chumbani ni uzuri wa uso. Kwa yule mama ni mume kuwa nyumbani.

Turudi kwenye uso. Sisi wa pwani tukimsifu mtu tunasema mwezi wa kumi na nne. Tumeupata wapi? Ng'ambo ya bahari wenzetu wanasema hivyohivyo. Waajemi wana mwezi wa usiku wa kumi na nne kwenye mashairi yao, Wahindi na Wapakistani wanao, Waarabu uso mzuri kwao ni mwezi mpevu. Ni watu wote wanaohesabu siku kwa mwandamo. Na hebu angalieni kwa nini kumi na nne. Mwezi mchanga ukiandama unauona magharibi kidogo tu baada ya magharibi, halafu unazama. Kila siku unachelewa kuzama na unanenepa. Ikifika ule usiku wa kumi na nne unatoka mashariki karibu na jua linapozama na unakaa juu mpaka alfajiri. Kwa hiyo sifa ziko mbili, uso umetimia na mtu yupo na wewe usiku kucha. Baada ya hapo kila usiku unachelewa kutoka, kwa makadirio kama dakika 50, ukifika wa ishirini unautegemea saa tano au saa sita za usiku. Mtunzi anayejua hili ana wimbo wa bure hapo. Mpenzi wa kumi na nne na mpenzi wa ishirini ni watu wawili tofauti kabisa, mmoja anakuja na magharibi mwingine anakuja watu wamelala na ukimuuliza anasema foleni.

Tukaurekebisha mstari wa kijana ukawa:

Mwezi wa kumi na nne, ndio uso wako huwa

Sasa umesimama. Mvuvi haucheki.

Ila subirini. Tuuchukue mstari huohuo tuupeleke Uingereza, kwenye ile tamthilia ya Romeo na Julieti ya Shakespeare, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1597. Nyote mnaijua hata kama hamjaisoma. Kijana yuko bustanini usiku, msichana yuko dirishani juu. Romeo anamwitaje? Anamwita jua! Anasema jua lichomoze liue mwezi, mwezi mwenye wivu, unaoumwa, uliokwajuka kwa huzuni kwa kuwa huyu binti amemshinda uzuri. Halafu kidogo Romeo huyohuyo anataka kuapa kwa mwezi kwamba anampenda. Julieti anamkatiza palepale. Usiape kwa mwezi, anamwambia, mwezi kigeugeu, kila mwezi unabadilika kwenye mzunguko wake, nisije nikaona na penzi lako liko hivyo.

Mmeona ilivyo? Usiku ule mmoja, bustani ile moja, mwezi umetukanwa mara mbili. Kwanza mgonjwa, pili kigeugeu. Wasomaji wao walikuwa wamezoea pia mambo ya Warumi wa kale, ambao mungu wao wa kike wa mwezi, Diana, alikuwa bikira wa kuwinda porini asiyetaka mwanamume, kwa hiyo mwezi kwao ni kitu cha baridi, hakishikiki. Sasa wewe mtu wa Tanga umekwenda na sifa yako ya kumi na nne kwa binti aliyekulia kwenye fasihi hiyo, unadhani umempamba, kumbe anasikia umemwambia amepauka na hatulii na mtu mmoja. Ndoa imevunjika kabla ya posa.

Na lile jua nalo, jamani. Nani hapa atamwita mchumba wake jua? La Januari? La saa saba mchana pale stendi? Romeo anatoka kwenye fasihi ya nchi za baridi, ambako watu jua wanalisubiri, likitoka wanavua makoti wanafurahi. Kwetu penzi linakaa kivulini, kwenye upepo wa usiku, kwenye barazani baada ya magharibi. Ndio maana nyimbo zetu zimejaa usiku. Msinielewe vibaya, Waingereza nao wamewahi kuusifu mwezi sana tu, na Waarabu na Waajemi nao wanalisifu jua, hakuna watu wenye maana moja tu kwenye mfuko. Nasema kuhusu kile kinachokuja kwanza mtu akisikia neno.

Bado sijamaliza na mwezi. Twende China.

Mwaka 756 kulikuwa na uasi mkubwa China, mji mkuu wao wa wakati ule, Chang'an, ukaanguka mikononi mwa waasi. Mshairi mmoja aitwaye Du Fu alikuwa amemwacha mkewe na watoto mahali salama kaskazini, mwenyewe akakamatwa njiani akarudishwa mjini mle kwenye mji ulioanguka. Akaandika shairi la mistari minane tu kuhusu usiku wa mbalamwezi. Sasa nisikilizeni vizuri watunzi, maana hapa kuna ufundi. Hasemi mimi nauangalia mwezi nakukumbuka. Hiyo kila mtu angeandika, na nyie mngeandika, na mimi nimeandika mara nyingi. Yeye anasema usiku huu mke wangu kule aliko anauangalia mwezi peke yake. Watoto wako pale lakini ni wadogo, hawajui kumkumbuka baba aliye Chang'an. Ukungu umemlowanisha nywele, mikono yake inapata baridi kwenye mwanga ule. Halafu anauliza, lini tutakaa wawili dirishani, mwezi utuangaze sote, utukaushie machozi?

Uso wa mke kama mwezi? Hakusema. Neno zuri hakulitaja hata kidogo. Mwezi pale ni kitu kimoja ambacho watu wawili waliotenganishwa wanaweza kukiona wote kwa wakati mmoja. Basi. Na hilo China ni la watu wote, kuna sikukuu yao ya katikati ya vuli, tarehe kumi na tano ya mwezi wa nane kwa kalenda yao, mwezi umejaa, wanakula keki za duara, na duara ile maana yake familia imekamilika mezani. Sisi tukiona duara tunaona uso, wao wanaona watu wa nyumba moja hakuna aliyepungua. Ndio maana aliye safarini usiku ule anaumia.

Na ile kasoro ya Julieti, kwamba mwezi unabadilika? Mshairi mwingine wa China, Su Shi, mwaka 1076, usiku wa sikukuu hiyohiyo, alikuwa amelewa, na ndugu yake hawajaonana miaka kadhaa. Akaandika kwamba binadamu ana huzuni na furaha, ana kuachana na kukutana, kama mwezi ulivyo na kukua na kupungua, na ndivyo mambo yalivyo tangu zamani. Yaani kile ambacho Julieti, binti wa mji wa Verona, alikiona ni uongo wa mwezi, yeye amekifanya dawa. Umepungua leo, utajaa. Tumeachana leo, tutaonana. Unaona mwezi unavyogeuzwa?

Basi yule kijana wetu nikamwambia, sasa umejua, andika tena lakini safari hii usimsifu mtu uso. Andika kama mvuvi. Tukakaa, tukahangaika na vina, ikatoka hii:

Mbalamwezi ikitoka, wavu nauweka chini
Ni usiku wa kufika, kwa mke wangu nyumbani

Hajasema mke wangu mzuri. Na hakuna mtu wa pwani atakayeuliza maana yake, na hakuna mtu wa Verona atakayeielewa mpaka umfafanulie habari za dagaa. Mimi naona ni bora kuliko kumi na nne, lakini kina mama naona mnatikisa kichwa, haya, mtaniambia baadaye.

Sasa waridi.

Ukitaka kucheka angalia tarehe 14 Februari. Vijana wananunua ua moja jekundu kwenye plastiki, bei imepanda kwa siku hiyo, linapelekwa kwa msichana ambaye bibi yake hajawahi kupewa ua la namna ile maisha yake yote. Je, bibi yake hakupendwa? Alipendwa, na waridi alilijua vizuri sana. Lakini alilijua kama maji.

Si ndio? Waridi kwa pwani kwa muda mrefu limekaa kwenye chupa. Marashi. Mrashi unapita harusini, unapita maulidini, mgeni wa heshima anapokelewa nao, na msibani marashi yapo pia. Ukimrushia mtu wa Tanga harufu ya waridi gizani hatakwambia mpenzi, atakuuliza kuna shughuli gani leo. Ua la mapenzi, lile la chumbani, lile la mume na mke, ni asumini. Linachumwa likiwa bado tumba jioni, linatungwa koja, linafunguka usiku lenyewe wakati wa kazi yake. Linachanganywa na rehani na mkadi na mlangilangi kwenye kikuba, na waridi linaweza kuwemo mle, lakini kama mwenzao tu. Wahindi nao wanatia asumini kwenye nywele. Harufu inafanya kazi hata taa ikizimwa, rangi nyekundu ikizimwa taa imekwisha. (Hilo nalo bibi yule alilijibu.)

Waajemi ndio mabingwa wa waridi kwenye ushairi, lakini waridi lao ni jeuri. Kuna ndege anayeimba usiku kucha, yeye ni mpenzi, analia, analalamika, na waridi limekaa pale kwa fahari zake halimjali. Miiba yake ndio yule mwingine anayekaa karibu na mpenzi wako kuliko wewe. Kwa hiyo ukimwita mtu waridi kwenye ushairi ule unamsifu na unamlaumu kwa pamoja. Waingereza nao wamelitumia kukumbusha kwamba ujana unapita. Mshairi wao Herrick mwaka 1648 aliwaambia mabinti wachume machipukizi ya waridi wakati bado, maana ua linalocheka leo kesho linakufa. Hapo ua la kukatwa lina maana. Limekatwa, linakauka, fanya haraka. Marashi yetu hayana haraka, yamefungwa kabatini mpaka shughuli nyingine.

Na kuna hesabu. Mzee mmoja wa hapa mjini alisoma Urusi enzi za Usovieti. Akapata mchumba kule, akaalikwa nyumbani kwa wazazi. Akaambiwa usiende mikono mitupu peleka maua, naye akiwa mtu mkarimu akanunua waridi kumi na mbili, dazeni kamili, kama alivyowahi kuona kwenye filamu za Kizungu. Mwenzake wa bwenini akamsimamisha mlangoni, akachomoa moja akaitupa. Mzee akaja juu, hela yangu! Mwenzake akamwambia kumi na mbili unapeleka makaburini, kumi na moja unapeleka kwa mkwe. Warusi maua ya hesabu shufwa ni ya marehemu, ya mtu hai ni witiri. Dazeni ileile ambayo kwingine ni kilele cha mapenzi, pale ni rambirambi. Sasa fikiria angeingia nazo akazitoa kwa mama mkwe, na tabasamu lake lote.

Kwa hiyo rangi, idadi, ua lenyewe, limekatwa au limekamuliwa, kila kimoja kinasema chake. Ukiwa na mtu wa mbali muulize kabla, haigharimu kitu.

Asali nitakwenda haraka maana muda naona bwana mwenyekiti ananiangalia.

Asali kila mtu anaipenda, sasa tofauti iko wapi? Iko kwenye nyuki. Wagiriki wa kale wana kisa cha mungu wao mdogo wa mapenzi, Erosi, ambaye ni mtoto mwenye mishale. Kaiba asali mzingani, nyuki kamuuma vidole, anapuliza mkono anaruka anakimbia kwa mama yake kulalamika, mdudu mdogo hivi jeraha kubwa hivi? Mama yake anacheka. Na wewe je, mdogo ulivyo, majeraha unayowatia watu? India nao wana mungu wa mapenzi, Kama, upinde wake ni muwa, na uzi wa upinde ni nyuki waliojipanga mstari. Silaha nzima ni tamu. Halafu fungua Biblia, Wimbo Ulio Bora, midomo ya bibi arusi inadondoza asali, asali na maziwa chini ya ulimi. Hapo hakuna nyuki, hakuna maumivu, ni utamu mtupu.

Na sisi? Sisi tuna mchovya asali hachovyi mara moja. Hamsemi hivyo mkimsifu mtu, si kweli? Mnasema mkimteta. Kwetu asali ikiingia kwenye mambo ya mapenzi inakuja na kurudia, na tamaa, na mlango wa nyuma. Upande wa pili, asali ni dawa. Qur'ani kwenye Sura ya Nyuki inasema ndani yake mna ponya kwa watu, na nyumba nyingi za hapa chupa ya asali inakaa na habasoda, siyo na sukari. Basi mtunzi wa Tanga akisema wewe ni asali yangu, msikilizaji ana milango miwili. Umemponya, au umemzoesha? Wimbo mzuri wa mafumbo unaiacha milango yote wazi, mke anasikia dawa na jirani anasikia kuchovya, na wote wawili wanatunza hela. Wimbo wa kivivu unasema tamu kama asali unakimbilia kiitikio.

Naona mikono. Wewe dada wa kanga ya njano uliza. Anauliza, je tuache kutumia waridi na mwezi kwa sababu watu wa mbali hawatatuelewa, maana nyimbo siku hizi zinakwenda mtandaoni zinasikilizwa mpaka Omani na Ulaya?

La, usiache. Omani watakuelewa kumi na nne yako bila tafsiri, na asumini yako pia. Wa Ulaya mpe kazi kidogo, mwekee kwenye ubeti kitu kinachoonyesha upande gani wa kitu unautaka. Ukitaka uso sema kumi na nne, sema umetimia. Ukitaka umbali weka watu wawili sehemu mbili, kama Du Fu. Ukitaka kurudi nyumbani weka wavu. Kitu kimoja tu cha pembeni kinatosha, msikilizaji anashika. Kinachoharibu ni kuchanganya. Juzi nimesikia wimbo ubeti mmoja mpenzi ni mwezi, ni jua, ni waridi lenye miiba, ni asali, na ni simba. Simba sijui alitafuta nini mle.

Haya, mwingine. Mzee wangu wa pale kwenye nguzo, naona na wewe una lako, mpeni maiki.